MREJESHO: Windows iliyokuwa inafungua profaili ya muda, mafaili yamepatikana

Swali langu lilikuwa: "Nikilogini Windows inasema nimeingia na profaili ya muda, deskitopu tupu, mahesabu ya korosho siyaoni, nifanyeje?"

Wadau, mrejesho kutoka Masasi, asanteni sana. Mafaili hayakufutika, yalikuwa palepale C:\Users kwenye folda yenye jina langu, nikayakopi yote kwenye diski ya nje kabla sijagusa kitu, na ukiwa kwenye hali hii usisevu kitu deskitopu maana ukitoka tu kinafutwa. Halafu nikafungua regedit:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList
```

Nikakuta folda mbili zinazoanza na S-1-5-21, namba zinafanana kabisa, moja ina .bak mwishoni, na ukiangalia ProfileImagePath yake ndo inaonyesha folda yangu halisi, nyingine inaonyesha C:\Users\TEMP. Nikaiekspoti ProfileList kwanza, ile ya TEMP nikaipa .old mwishoni, yangu nikaitoa .bak, State nikaweka 0, nikarestati. Kila kitu kimerudi!

Ila jirani yangu kafanya hivyohivyo ikagoma, kwake NTUSER.DAT, faili linalotunza mipangilio ya akaunti, lenyewe ndo limeharibika, huyo ilibidi atengeneze akaunti mpya ahamishie Documents, Desktop na picha, mafaili yanayoanza na NTUSER akayaacha hukohuko yasije yakaharibu na hiyo mpya.