Nani aliwaambia kila siku ina sekunde 86400? Kitanzi kimenasa tarehe 27 Oktoba

Mleta uzi (Kodi_Chungu):
Wakuu, nimerithi kodi ya mtu na nina hasira. Kazi yake ni ndogo tu: kuandika ripoti moja kwa kila siku, kwa saa za `Europe/Berlin`. Nilipoirudisha ipitie data ya Oktoba 2024, ilifika tarehe 27 ikaanza kuandika ripoti ya siku hiyo hiyo, tena na tena, mpaka diski ikajaa. Kiini chake ni hiki:

```python
while siku <= mwisho:
    andika_ripoti(siku)
    siku = mwanzo_wa_siku(siku + 86400)
```

`siku` ni sekunde za Unix, zile zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970 kwa UTC. `mwanzo_wa_siku` inazirudisha hadi saa sita usiku ya Berlin.

Sasa fanyeni hesabu. Saa sita usiku kuamkia tarehe 27 ni 1729980000. Ongeza 86400, unapata 1730066400. Lakini usiku ule saa za kiangazi ziliisha: ilipofika saa tisa, saa zikarudishwa nyuma hadi saa nane. Siku ikawa na saa 25. Kwa hiyo 1730066400 si tarehe 28, ni saa tano usiku ya tarehe 27 ile ile! `mwanzo_wa_siku` inaipokea kwa utii na kuirudisha 1729980000. Tumerudi tulipoanza, na hakuna kosa lolote linaloripotiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni maelezo aliyoacha juu ya kodi: "imejaribiwa siku ya kubadili saa". Ilijaribiwa Machi! Tarehe 31 Machi siku ina saa 23, ukiongeza 86400 unaangukia saa saba usiku ya tarehe 1 Aprili, kisha unarudishwa saa sita. Jibu sahihi kwa bahati. Jaribio la Machi haliwezi kuiona hitilafu hii hata ulirudie milele.

Bwana_Seva:
Hizo ni sekunde za nyongeza mkuu. Hata mwisho wa 2016 waliongeza moja. Ndiyo maana siku haiwi 86400 kamili.

Kodi_Chungu:
Soma uzi kwanza ndugu yangu. Nimepoteza saa nzima, wewe unanitafutia sekunde moja.

Mzee_wa_Kalenda:
Na hiyo sekunde moja Unix haiihesabu. Kwa hesabu yake kila siku ya UTC ni 86400, ndiyo maana watu wanaizoea hiyo namba. Tatizo ni kuipeleka kwenye siku ya Berlin.

Tumia_UTC_Tu:
Sasa si mfanye kila kitu kwa UTC? Mimi sijawahi kupata shida hii.

Mzee_wa_Kalenda:
Kuhifadhi kwa UTC, sawa. Lakini ripoti ni ya siku ya mteja. Ukikata siku kwa UTC, muamala wake wa saa saba usiku wakati wa kiangazi unaingia kwenye ripoti ya jana. Hutapata kitanzi kilichonasa, utapata jumla zisizolingana, na hizo ni ngumu zaidi kuzigundua.

Mleta uzi, ongeza siku kwenye tarehe, si kwenye sekunde. Sekunde zitafute mwishoni:

```python
kesho = tarehe + timedelta(days=1)
t = datetime.combine(kesho, time(),
    tzinfo=ZoneInfo("Europe/Berlin")).timestamp()
```

Hapo `tarehe` ni `date` tupu, haina saa. Ukianzia tarehe 27 utapata 1730070000, yaani sekunde 90000 mbele.

Dada_Skripti:
Mimi yangu ilinionyesha 21 Januari 1970 kwa kila mteja. Kumbe JavaScript inataka milisekunde, nami nimeipa sekunde. Ni tatizo hili hili?

Mzee_wa_Kalenda:
Hapana dada, wewe zidisha kwa 1000 tu.

Tumia_UTC_Tu:
Haya, ila kuna njia fupi: anza saa sita mchana badala ya usiku. Saa moja ikipungua au kuzidi, bado uko kwenye tarehe ile ile.

Kodi_Chungu:
Kwa kupata tarehe, inakubali. Lakini mimi nahitaji sekunde ya kuanza na ya kumaliza siku, la sivyo nitachota miamala isiyo yangu. Na ndiyo ujanja wa aina ile ile ulionifikisha hapa.

Mzee_wa_Kalenda:
Msiifute 86400 kila mahali, lakini. Tokeni inayokufa baada ya saa 24 inastahili kuhesabiwa hivyo hivyo. Swali ni kama aliyeandika alimaanisha saa 24 au "kesho".

Kodi_Chungu:
Nimetafuta 86400 kwenye kodi yote, imejaa. Hakuna mahali ameandika alimaanisha nini. Halafu kuna mteja wa `America/Sao_Paulo` mwenye data ya 2018. Tarehe 4 Novemba mwaka huo saa zao ziliruka kutoka saa sita usiku hadi saa saba, kwa hiyo saa sita yenyewe haikuwapo. `mwanzo_wa_siku` yake itarudisha nini hapo? Aliyewahi kukutana na hiyo aseme, kabla sijaiwasha tena.