Stopu nimeweka dola 46, nimeuziwa dola 37.05, na bado naambiwa agizo "limetekelezwa ipasavyo"!

Mwana wa Chumbageni: Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Dalali ninayemsema nyote mnamjua, maana matangazo yake yamefika hadi kwenye bajaji za Ngamiani, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Nilinunua hisa 20 za kampuni moja ya Marekani kwa dola 50 kila moja, nikaweka stopu, yaani agizo la kuuza bei ikishuka, kwenye 46, nikijua kwamba mambo yakiharibika nitapoteza dola 80 na kusimama hapo. Jana soko lilifungwa bei ikiwa 48.20, nikalala. Leo saa kumi na nusu jioni, soko lilipofunguliwa, niko barazani na kikombe cha kahawa mkononi, simu ikaonyesha `Filled 20 @ 37.05`. Thelathini na saba! Dola 259 zimekwenda kabla kahawa haijapoa. Nilipowaandikia, wakanijibu kwamba agizo limetekelezwa ipasavyo na kwamba nisome masharti. Ipasavyo! Mwizi wa kuku akishaiba hukimbia, lakini huyu amesimama mlangoni ananikabidhi risiti.

Kipepeo wa Pangani: Pole sana, mkuu. Huo ni uwindaji wa stopu: wanaona tulikoziweka, kisha wanaivuta bei hadi hapo. Tumia `Stop Limit`, ile stopu yenye bei ya chini kabisa unayoikubali, hutauziwa tena chini ya bei uliyoitaka.

Mpwa wa Makorora: Kaka, kampuni inatoa hesabu zake usiku nawe unajifunika shuka? Tarehe ilitangazwa mapema.

Mama Raskazone: Mwanangu wa Chumbageni, hesabu zilitoka saa ngapi?

Mwana wa Chumbageni: Jana usiku, soko likiwa limeshafungwa, nao wakapunguza makadirio ya mapato. Lakini mama, 46 niliiandika kwa mkono wangu!

Mama Raskazone: Uliiandika, ila ile 46 haikuwa bei ya kuuzia. Ilikuwa kengele. Biashara ikifanyika kwenye 46 au chini yake, kengele inalia, na agizo lako linageuka kuwa agizo la kuuza kwa bei yoyote ambayo mnunuzi aliyepo anaitoa. Kwa kawaida stopu ya namna hii hulala soko likifungwa, kwa hiyo usiku kucha haikusikia kitu. Asubuhi ya New York wanunuzi wote walikuwa wameshaisoma habari, na hakuna aliyekuwa tayari kutoa 46, wala 45, wala 40. Bei haikuteremka ngazi moja moja ikapita mbele ya stopu yako. Iliruka kutoka 48.20 hadi ilipofungukia.

Jambo hili si la kampuni ndogo peke yake. Tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta ilifunga kwenye dola 323, hesabu zikatoka baada ya soko kufungwa, na kesho yake ikafunguka karibu na dola 244. Aliyekuwa na stopu kwenye 300 aliuziwa huko huko chini.

Kabla hujamwita dalali mwizi, tazama bei ya kufungulia ilikuwa ngapi na sekunde ya kwanza watu waliuziana kwa bei gani. Ikiwa wewe umeuziwa bei ambayo sokoni haikuonekana kabisa wakati huo, una kesi.

Mwana wa Chumbageni: Imefungukia 37.10, nami nimeuziwa sekunde moja baadaye. Lakini 37.05, jamani!

Mama Raskazone: Basi hujaibiwa. Na wewe Kipepeo, umesema nusu tu. Kwa `Stop Limit` yenye kikomo cha 45 asingeuziwa 37.05, ni kweli, kwa sababu asingeuziwa kabisa. Hisa zingebaki mikononi mwake, hata kama zingeendelea kushuka hadi 30. Wanaolikwepa pengo hili hupunguza idadi ya hisa kabla ya usiku wa hesabu, au huuza zote mchana. Angebaki na hisa 5, pigo la leo lingekuwa karibu dola 65.

Kipepeo wa Pangani: Mimi sijakubali kwamba stopu haziwindwi.

Nahodha wa Deep Sea: Ninyi mnalilia hisa mlizolipia fedha zote! Mimi niliacha biashara ya sarafu wazi Ijumaa usiku kwa mkopo wa dalali, stopu ikiwa mahali pake, na Jumatatu soko likafunguka mbali nayo. Amana yote imekwenda, na akaunti inasoma hasi dola 112. Dalali ananitaka nilipe.

Mpwa wa Makorora: Hasi? Yaani unadaiwa kwa kupoteza?

Mama Raskazone: Nahodha, usilipe bado. Fungua mkataba uone kama walikuahidi kwamba salio halitashuka chini ya sifuri. Wapo wanaoahidi na wapo wasioahidi.

Nahodha wa Deep Sea: Mkataba una kurasa 41, mama. Nipo ukurasa wa 6.

Mwana wa Chumbageni: Na wangu je? 37.05!