Tupeane uzoefu: kutoa karatasi ya wimbo yenye kodi za gitaa juu ya maneno kwenda slaidi za ibada

MtunzaSlaidi_Kimara

Wapendwa, Bwana asifiwe. Uzi huu ni wa wanaokaa nyuma ya laptopu Jumapili. Mpiga gitaa analeta wimbo kwenye Word au WhatsApp, kodi ziko mstari wa juu, maneno chini yake, na ibada ni saa tatu asubuhi. Kila mtu aseme njia anayotumia na mahali inapoharibika. Naanza na mfano mdogo ili tuzungumze kitu kimoja:

```
G                  Am       D
Asubuhi naamka nikuimbie Bwana
Em                  D          G
Wema wako kwangu haupimiki, Amina
```

Waumini hawahitaji kodi, ila mpiga kinanda anazihitaji. Kwa hiyo tukizifuta leo, wiki ijayo atatuomba tena.

Kaka_Projekta

Mbona rahisi? Fungua Replace, andika Am, acha nafasi ya pili tupu, bonyeza Replace All. Halafu Em, halafu D, halafu G. Dakika mbili umemaliza.

MwalimuWaKwaya_Mbagala

Ndugu yangu, fanya hivyo kwenye mfano ulioko hapo juu kisha usome kilichobaki. Replace haibagui herufi kubwa na ndogo mpaka uiambie. Ukifuta Am, "naamka" inakuwa "naka" na "Amina" inakuwa "ina". Ukifuta Em, "Wema" inakuwa "Wa". Ukifika kwenye G, "kwangu" inakuwa "kwanu". Kiswahili kimejaa am na em: amani, kiama, hema, neema. Na kosa hili halionekani haraka, kwa sababu mhariri wa slaidi anaangalia kama kodi zimeondoka, hasomi maneno anayoyajua kwa moyo. Linaonekana ukutani, watu wakiwa wamesimama.

Kaka_Projekta

Sawa mwalimu, nimekuelewa. Basi weka tiki kwenye Match case na Find whole words only. Hapo Amina inapona.

MwalimuWaKwaya_Mbagala

Inapona, nakubali. Lakini nyimbo za zamani zinaandika "E Bwana" kwa E moja. Kodi ya E ikifutwa kama neno zima, E ya kuita inaondoka nayo. Na unabaki na mistari mitupu iliyojaa nafasi, ambayo programu ya slaidi inaihesabu kama mistari halali, kwa hiyo beti linakatika katikati.

Usifute neno, futa mstari. Mstari wa kodi hauna kitu kingine ndani yake zaidi ya kodi, na hiyo ndiyo alama ya kuukamata. Kwenye Notepad++ fungua Replace, chagua Regular expression, weka tiki Match case, kisha:

```
^(\h*[A-G][#b]?(m|maj|sus|dim|aug|add)?\d*(/[A-G][#b]?)?)+\h*$\R?
```

Inakamata G, F#m, Gsus4, D/F# na nyingine za kawaida. "E Bwana" inabaki kwa sababu "Bwana" si kodi.

DadaWaSauti

Mwalimu, hiyo nimeijaribu sasa hivi kwenye karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa tupu, kama kwaya nyingi zinavyochapa. Mstari wa "BABA BABA" umeondoka wote. Wa "BABA YETU" umebaki.

MwalimuWaKwaya_Mbagala

Uko sahihi dada, asante sana. B, A, B, A zote ni herufi za kodi, na nilichoandika kinaruhusu kodi kushikana bila nafasi. Kwa hiyo programu imesoma kodi nne zilizobanana, mara mbili. "Y" ndiyo iliyouokoa mstari wa pili. Tuilazimishe kila kodi ifuatwe na nafasi au mwisho wa mstari:

```
^(\h*[A-G][#b]?(m|maj|sus|dim|aug|add)?\d*(/[A-G][#b]?)?(?=\h|$))+\h*$\R?
```

Sasa "BABA BABA" inabaki. Hata hivyo tumia Find Next kwanza mara tano au sita ukiona inachokamata, ndipo ubonyeze Replace All.

Gitaa_Kigamboni

Nyote mnazungumzia kufuta. Mwenye uzi amesema mpiga kinanda anazihitaji. Msifute, ziingizeni ndani ya maneno kwanza.

Kodi iliyoko juu haijui ni ya silabi gani. Inajua tu kwamba iko nafasi ya 20 kutoka kushoto. Sasa mtu wa slaidi anaukata mstari mara mbili, "Asubuhi naamka" na "nikuimbie Bwana", ili herufi ziwe kubwa ukutani. Ile Am ya nafasi ya 20 inaning'inia nje ya mstari wa kwanza, na mstari wa pili hauna kodi yoyote. Ukiiweka kwenye mabano ya mraba mbele ya silabi yake, unaweza kukata popote na itaambatana na neno lake:

```
[G]Asubuhi naamka niku[Am]imbie Bwa[D]na
[Em]Wema wako kwangu hau[D]pimiki, Ami[G]na
```

Huu ndio mtindo wa ChordPro, na OpenLP, programu ya slaidi za nyimbo, inaelewa mabano haya ukiyaandika ndani ya wimbo.

Kabla ya kuingiza, angalia fonti. Kama karatasi ilichapwa kwa Courier New, kila herufi na kila nafasi vina upana mmoja, basi hesabu ya nafasi ni ya kweli. Kama ilichapwa kwa Times New Roman, nafasi ni nyembamba kuliko herufi nyingi, hivyo mchapaji alipiga nafasi nyingi mno ili kodi ifike juu ya silabi. Ukiihamishia Notepad++, kodi zinakimbilia kulia. Dalili yake ni kodi ya mwisho kusimama mbali baada ya neno la mwisho. Ukiona hivyo usihesabu nafasi. Rudisha fonti ya awali kwenye Word, tazama kodi iko juu ya nini, na uweke mabano kwa mkono.

Na kuna kipimo ambacho lugha yetu inatupa bure: silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu. Kwa hiyo mabano yanakaa mwanzo wa neno au baada ya irabu. Ukiona "kwan[D]gu" au "nikuim[Am]bie", kodi imeteleza kwa herufi moja au mbili, irudishe. Kinachotoka nje ya kanuni hii ni ile m au n inayosimama peke yake, kama "m[G]tu" na "n[G]chi", na maneno ya kigeni.

Mzee_wa_Solfa

Vijana, shikamooni hazitoshi, mnisaidie na mimi. Karatasi zangu juu ya maneno zina d : m : s na mistari ya kusimama. Hiyo kanuni ya mwalimu haifuti kitu.

DadaWaSauti

Shikamoo mzee. Hizo ni nota za solfa, si kodi, ndiyo maana haizioni: inatafuta herufi kubwa A mpaka G. Zako zijulikane kwa nukta mbili. Mstari wenye nukta mbili angalau mbili mara nyingi ni wa nota:

```
^.*:.*:.*$\R?
```

Lakini maneno yakiwa na nukta mbili mara mbili kwenye mstari mmoja yatafutwa pia, kwa hiyo nenda na Find Next. Na kama sauti nne zina maneno tofauti, besi wanaitikia wenyewe kwa mfano, hapo inabidi uchague kwa mkono mstari upi waumini wanauimba.

Mzee_wa_Solfa

Marahaba. Besi ndio shida yenyewe.

MtunzaSlaidi_Kimara

Naongeza hatua inayofuata baada ya mabano. Hifadhi faili lenye kodi kwa jina lake, kisha fungua nakala ya waumini na ufute mabano:

```
\[[^\]]*\]
```

Fanya hivi *kabla* ya kuweka alama za beti. OpenLP inaandika `---[Verse:1]---` na `---[Chorus:1]---`, nazo ni mabano ya mraba. Ukizitanguliza, zinafutwa pamoja na kodi, na wimbo wote unakuwa kipande kimoja. Kuiambia ifute mabano yanayoanza na A mpaka G hakusaidii, maana Chorus inaanza na C na Bridge inaanza na B.

Kisha kata mistari. Mimi naona mistari minne kwa slaidi, kila mmoja usizidi herufi 32 hivi, inasomeka mpaka viti vya nyuma. Ule wa pili kwenye mfano una herufi 33, basi ukatwe baada ya "kwangu". Kata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Usiache "wa" au "ya" mwishoni mwa mstari, na usiiachie programu ikukatie, itaangusha neno moja peke yake chini. Maneno yaliyonyooshwa kwa vistari, "A - mi - na", yaunganishe.

Kaka_Projekta

Sisi tunatumia PowerPoint, faili la maandishi linaingizwa kwa Slides from Outline. Mstari usio na Tab unakuwa kichwa cha slaidi mpya, wenye Tab moja unakuwa maneno ya ndani. Lakini "iling'ara" inatokea "ilingâ€™ara". Virusi?

Gitaa_Kigamboni

Si virusi kaka. Word imebadilisha kile kialama cha ng' kuwa kile cha kupinda, na PowerPoint imesoma faili kwa usimbaji mwingine, ikaona alama tatu mahali pa moja. Kwenye Notepad++ badilisha kila ’ iwe ' iliyonyooka, hiyo haiharibiki popote. Ukipenda, hifadhi pia kama UTF-8-BOM.

DadaWaSauti

Na wapiga vyombo? Tuwawekee kodi ukutani pamoja na maneno?

Gitaa_Kigamboni

Mimi nasema hapana. Kodi zinaongeza mstari juu ya kila mstari, herufi zinapungua, na mama wa nyuma hasomi. OpenLP ina ukurasa wa kodi: mpiga kinanda anafungua simu yake kwenye Wi-Fi ileile, anaandika anwani ya laptopu na bandari 4316, mfano

```
http://192.168.1.10:4316/chords
```

Ruta haihitaji bando, inahitaji tu kuwaka. Ila hapo lazima wimbo ulioko ndani ya OpenLP uwe ule wenye mabano, si nakala iliyofutwa, na uhakikishe kodi hazitokei ukutani.

MwalimuWaKwaya_Mbagala

Hapo tunatofautiana kidogo. Kwenye kipindi cha vijana, watoto wanaojifunza gitaa wanasoma kodi ukutani, na slaidi ya mistari miwili inatosha. Swali langu ni jingine: mpiga kinanda akipandisha wimbo kutoka G kwenda A katikati ya ibada, mnaandaa wimbo mara mbili, au mnamwachia ahesabu kichwani?

Gitaa_Kigamboni

Wa kwetu anahesabu. Mgeni akikaa kwenye kinanda, naandaa mbili, na ufunguo naandika kwenye jina la wimbo ili nisikosee ninapobofya.