Naomba ushauri: mauzo yamepanda, faida ghafi imeshuka

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Mimi ni fundi mitambo niliyekabidhiwa usimamizi wa tawi la vipuri, na sasa natakiwa kuieleza taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wakurugenzi.

Februari tuliuza milioni 40 kwa gharama ya mauzo ya milioni 24, hivyo faida ghafi ikawa asilimia 40. Machi mauzo yalifika milioni 46, lakini gharama ya mauzo ilipanda hadi milioni 31, na faida ghafi ikabaki milioni 15, yaani kama asilimia 33. Kupata hiyo gharama ya milioni 31, mhasibu alijumlisha bidhaa za mwanzo wa mwezi milioni 5 na manunuzi milioni 29, kisha akatoa bidhaa zilizobaki milioni 3.

Nimelinganisha ankara na bei zetu za kuuzia, hazijabadilika. Mishahara na kodi ya pango hainihusu hapa, kwa kuwa hukatwa chini ya faida ghafi.

Je, inawezekana mzigo uliopokelewa mwishoni mwa Machi uliingizwa kwenye manunuzi bila kuhesabiwa stoo? Na kabla ya kuhisi wizi, nimwombe mhasibu nyaraka zipi?