Mweka hazina nimechoka: maji ya chupa yameandikwa kama pesa taslimu

Wakuu, nimetoka kikaoni natetemeka kwa hasira, mnivumilie. Tamasha limeisha wiki tatu sasa. Mwenye jukwaa anadai, wasanii wawili wanadai, na mwenyekiti ananiuliza mbele ya watu "hela zimekwenda wapi" kana kwamba nimezila mimi.

Hazikuwahi kuja! Chukulieni gharama zote ni 100: wasanii 40, jukwaa na sauti na taa 30, vibali na ulinzi 12, matangazo na mengineyo 18. Upande wa mapato wakaandika wadhamini 50, tiketi 50. Hesabu ikakaa sawa, wakapiga makofi.

Sasa ile 50 ya wadhamini, 20 ilikuwa maji ya chupa na muda wa matangazo redioni. Fundi jukwaa halipwi kwa maji! Iliyobaki 30, nusu yake mdhamini anatoa baada ya kupokea ripoti yenye picha za mabango yake. Kwa hiyo nilikuwa na 15 mkononi, huku wasanii wanataka nusu ya malipo siku ya kusaini na salio kabla ya kupanda jukwaani, na mwenye jukwaa hapakii vyuma kwenye lori bila malipo ya awali.

Tiketi ndiyo kichekesho. Walihesabu watu 4,000. Kibali kikatoka na 3,000, maana jukwaa, uzio na njia za dharura vimekula uwanja. Toa 400 za bure walizoahidiwa wadhamini kwenye vifurushi vya dhahabu na fedha. Zinabaki 2,600. Hata tungeuza zote ni 32.5, si 50. Nilisema mapema, nikaambiwa nina mkosi.

Mzee wa Spika: Mkuu, kuandika vitu si kosa, kosa ni kuviandika upande mmoja. Kama kwenye matangazo mlitenga 8 za redio, na mdhamini kawapa redio, basi hizo 8 mmeziokoa kweli. Maji hamkuyapangia kununua, kwa hiyo kwenu ni sufuri, hata ayapigie bei gani.

Binti Tarumbeta: Mngepandisha tu bei ya tiketi yaishe.

Mweka Hazina: Nyingi zilishauzwa kabla ya kibali, dada. Niwafuate watu majumbani?

Besi Nzito: Samahani, mimi ni mpiga besi, nimelipwa nusu, nyingine naambiwa subiri. Ni nyie?

Mweka Hazina: Si sisi, kaka. Mkataba wako unasema salio lini?

Besi Nzito: Mkataba gani?

Mzee wa Spika: Mweka Hazina, zile 15 za ripoti umeshazidai?

Mweka Hazina: Ripoti inataka picha za mabango. Mpiga picha naye hajalipwa, kazikalia.