Foili chini ya bati: uso unaong'aa utazame juu au chini?

Mwana_Maweni
Asalaam aleikum jamaa. Niko Maweni, Malindi. Bati langu ni kuukuu, limeshika kutu, na dari ya plaiwudi iko kama futi moja chini yake. Saa nane mchana chumba hakikaliki. Fundi ameleta foili inayong'aa upande mmoja, wa pili ni turubai jeupe. Anataka uso unaong'aa utazame bati "ulirudishe joto lilikotoka". Iko pia ya kung'aa pande zote mbili, bei yake ni kubwa zaidi. Au nipake rangi nyeupe juu ya dari basi?

Bi_Kitauni
Rangi, mwanangu. Sisi tulipaka bati jeupe, na siku ile ile tuliona tofauti.

Maalim_Juma
Waleikum salaam. Bi, nyie mlipaka nje, jua linapopiga, na pale nyeupe inasaidia kweli. Mwana anazungumzia juu ya dari, ambako mwanga wa jua haufiki. Bati la moto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na kwa mionzi hiyo rangi nyeupe hufyonza karibu sawa na plaiwudi tupu. Asitie pesa huko.

Tuchukue bati nyuzi 65, dari nyuzi 32, na emisiviti, yaani kipimo cha 0 hadi 1 cha jinsi uso unavyotoa na kufyonza mionzi hiyo, ya kutu 0.8 na ya plaiwudi 0.9. Kwa kila mita mraba:

q = σ(T1⁴ − T2⁴) / (1/ε1 + 1/ε2 − 1)

Hapo q ni wati, ε ni emisiviti, T ni joto, 1 ni bati na 2 ni dari; σ ni namba isiyobadilika, 5.67 × 10⁻⁸. Joto liwe kwa kelvini, 338 na 305. Juu ya mstari unapata wati 249, chini 1.36, kwa hiyo wati 183 zinashukia dari. Ukitia foili katikati, chini ya mstari unaongeza 1/ε ya kila uso wake, kisha unatoa 1. Uso unaong'aa wenye 0.05 huongeza 20 peke yake. Foili ya upande mmoja inashusha hizo 183 hadi kama 12. Ya pande mbili, hadi 6.

Fundi_Barani
Maalim, hesabu nzuri, lakini foili ikigusa bati haifanyi kazi. Nimeziona nyingi.

Maalim_Juma
Inategemea imegusa kwa uso upi, fundi. Ukiubana uso unaong'aa kwenye bati, joto linapita kwa kugusana na turubai linaiangazia dari kama bati lenyewe. Hizo ndizo ulizoziona. Lakini turubai likigusa bati na mng'ao ukatazama dari, bado unapata wati 12 hivi.

Mwana_Maweni
Basi fundi wangu yuko sawa au la? Juu au chini?

Maalim_Juma
Foili ikiwa safi na haigusi kitu, ni sawa kabisa. Kwenye hesabu ile unajumlisha nyuso zote, haijalishi upi ulitangulia. Kinachobadilika ni joto la foili yenyewe: mng'ao ukiwa juu hukaa kama nyuzi 34, ukiwa chini hupanda hadi 63. Wati zinazofika darini ni zile zile 12.

Kisha vumbi linaanguka. Linakaa juu, halikai chini. Mng'ao wa juu ukifunikwa hadi emisiviti ifike 0.9, foili yako inakuwa kitambaa tu, na wati zinarudi kama 97. Mng'ao wa chini unabaki na 12 zake. Mwambie fundi augeuze chini.

Shela_Lamu
Yangu inatazama chini, nikaipima kwa bunduki ya joto kutoka darini, ikasoma 35. Mbona Maalim asema 63? Na je, kwa paa la makuti nahitaji?

Maalim_Juma
Bunduki imesoma dari yako ikijionyesha kwenye foili, kama kioo. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, upime hapo. Makuti mazito hayachomi kwa ndani kama bati. Pima upande wa ndani mchana kabla ya kununua chochote.

Fundi_Barani
Mimi ningenunua ya pande mbili. Hewa ya chumvi ikiuchakaza uso wa chini, wa juu upo.

Maalim_Juma
Wa juu utakuwa na vumbi tayari, kwa hiyo unalipia 12 ile ile. Na hata ikiwa safi, hewa iliyotulia kwenye futi moja hupitisha wati kama 3 bila kujali foili. Lakini chumvi, sikukatalii. Wewe umefungua mapaa ya karibu na bahari, mng'ao wa chini hukaa miaka mingapi?

Fundi_Barani
Nililofungua nyuma ya soko lilikuwa bado laonekana jipya. La ufukweni lilikuwa na madoa meupe, na matundu yalikuwa wazi kando ya kuta. Sijui ni chumvi au ni foili duni.

Mwana_Maweni
Paa langu lina matundu kando zote nne. Niyazibe, au yanasaidia kutoa joto?