Tupeane uzoefu: umepigiwa simu ya msiba usiku, tiketi ya kesho uliipataje kwa bei inayoeleweka?

Kitinda_Mimba: Wakuu, wiki tatu zilizopita nilipigiwa saa nane usiku mama mkubwa katutoka, mazishi keshokutwa. Kuangalia tiketi, bei karibu mara tatu ya niliyolipa likizo iliyopita na kiti ni kilekile cha nyuma jirani na choo. Nikakata tu huku nalia. Nimekuja kusikia matangani eti kuna mashirika yana nauli ya msiba. Aliyewahi kuipata atuambie ilikuwaje, na kama kweli inasaidia au ni jina tu.

KaaDirishani: Pole sana. Nimekata watu tiketi miaka tisa. Ipo, ila kwa mashirika machache, na kawaida huikuti kwenye tovuti, mpaka upige simu. Delta wanayo, Alaska, Air Canada, WestJet. American na United waliifuta 2014. Unapopiga uwe na jina la marehemu, undugu wenu, na jina na simu ya wanaoshughulikia mazishi, maana watauliza hapohapo.

Sasa hapa ndipo watu wanapolalamika. Punguzo mara nyingi halitolewi kwenye ile bei ya chini uliyoiona mtandaoni, linatolewa kwenye tiketi ya kubadilishika ambayo ni ghali tangu mwanzo. Tuseme mtandaoni umeona 100, kwenye simu unaambiwa 115. Utasema wamekuibia. Lakini arobaini ikisogezwa au mgonjwa mwingine akapatikana ukataka kubadili siku ya kurudi, ile ya 100 inakudai faini pamoja na tofauti ya nauli, tuseme 45, umefika 145. Mwenye 115 anaweza asilipe faini kabisa, ila tofauti ya nauli aulizie mapema maana hapo kila shirika lina lake. Kwa hiyo kama siku ya kurudi unaijua kwa uhakika, chukua ya mtandaoni. Kama hujui, na msibani nani anajua, piga simu.

mzee_wa_begi_moja: Mbona rahisi, kata yoyote ile, nenda ukazike, ukirudi unawapelekea cheti cha kifo wanakurudishia tofauti. Jirani yangu alifanya.

KaaDirishani: Mzee hapo umepatia nusu. Zamani ilikuwepo, siku hizi usiitegemee. Air Canada kwa mfano hawapokei maombi ukishasafiri, ni kabla. Cheti kinachosaidia baadaye ni pale ulipokuwa na tiketi tayari ukashindwa kusafiri kwa sababu ya msiba, hapo baadhi yao wanaweza kukusamehe faini au kukurudishia hela. Hayo mambo mawili watu wanayachanganya sana.

Shangazi wa Vijana: Mimi walinisaidia lakini undugu ukanisumbua. Nilisema nazika kaka yangu, yule dada wa kwenye simu akaandika kaka. Kumbe kwao kaka ni wa tumbo moja, na mimi huyu ni mtoto wa baba mdogo, kwetu huyo ni kaka hakuna mjadala! Walipopiga kuhakikisha, majina ya baba hayafanani, ikawa kesi, nusu saa nasubiri na mwili uko mochwari. Semeni undugu kama wao wanavyouandika, halafu muulize kama wanaukubali. Wengine binamu hawamo.

Dogo_Tranziti: Samahani, na kusafirisha mwili je, nauli hii inahusu?

KaaDirishani: Hapana kijana, hiyo ni mizigo, bei yake na makaratasi yake ni vingine, waulize wanaoshughulikia mazishi.

Nne_Kwa_Pamoja: Sisi tulisafiri wanne na hili hakuna aliyetuambia. Ukitafuta viti vinne kwa mpigo na viti vya bei ya chini vimebaki viwili, sistimu inawapandisha wote wanne kwenye bei ya juu. Mume wangu akajaribu kutafuta kiti kimoja kimoja, kumbe viwili vilikuwepo chini. Tukakata wawili wawili. Ubaya wake ni buking mbili, ndege ya kwanza ikichelewa mnaweza kupangiwa njia tofauti, kwa hiyo kila mtoto tulimweka na mzazi mmoja.

mzee_wa_begi_moja: Au mkate ya kwenda tu, ya kurudi mtajua mbele ya safari.

KaaDirishani: Angalia kwanza zote mbili mzee, kwa mashirika mengi makubwa ya safari za mbali ya kwenda tu inaweza kuzidi ya kwenda na kurudi.

mzee_wa_begi_moja: Mimi sijawahi kuona hiyo.

Kitinda_Mimba: Kumbe ningepiga simu. Swali la mwisho, mama mkubwa niseme mama au shangazi?

Shangazi wa Vijana: Sema dada wa mama yako mzazi, mwanangu, waandike wenyewe wanavyojua.